Ramani Zilizofunguka Ofisini Tu

Idara ya upimaji na ramani ilikuwa na watu wa aina mbili: wanaochomwa na jua wakipima viwanja vya watu, na wanaokaa kivulini wakipoteza makaratasi ya wale wanaochomwa na jua. Bi Tiki alikuwa wa kundi la pili, ila yeye hakuwahi kupoteza kitu, na alihakikisha kila mtu analijua hilo, pamoja na mfagiaji.

Jina la Bi Tiki alipewa na ofisi. Kila mwisho wa mwezi alitoa fomu yenye visanduku vinne, akatia tiki kwenye vyote, akasaini, akapiga muhuri, kisha akaupuliza muhuri ukauke kama mtu anayepoza uji. Kisanduku cha kwanza: nakala ya akiba imechukuliwa. Cha pili: idadi ya mafaili imelingana. Cha tatu: mafaili matatu yamerejeshwa kutoka kwenye nakala. Cha nne: mafaili hayo yamefunguka. Fomu aliitunga mwenyewe, na alikuwa nazo sabini na moja ndani ya jalada la bluu ambalo wageni wa ukaguzi walionyeshwa hata kama hawakuuliza.

Hakusomea kompyuta. Aliajiriwa kupiga chapa, enzi za mashine zinazopiga kelele kuliko mabosi, na kompyuta zilipoingia alijifunza kwa kubonyeza kila kitu na kuomba Mungu. Kisha ikaja ile mvua iliyovujisha paa la chumba cha ramani. Maji yaliwaita mchwa, mchwa wakaitana kiukoo, na ilipogundulika, robo tatu ya ramani za karatasi zilikuwa zimeshaliwa. Zilizobaki zilikuwa na matundu makubwa kuliko viwanja vyenyewe. Kitu pekee kilichoiokoa idara ni kwamba Bi Tiki, kwa ubishi wake, alikuwa ameshazipiga picha zote na kuziingiza kwenye mashine kubwa iliyokuwa ikinguruma kwenye chumba cha nyuma. Tangu siku hiyo akawa mlinzi wa nakala. Hakuongezewa cheo ila aliongezewa funguo.

Jumatatu moja Mkurugenzi alimwita. Mkurugenzi alikuwa mtu mwema, ila alipenda mambo yakamilike kuliko alivyopenda yatendeke.

"Mama, Alhamisi ile mashine ya zamani inafutwa," alisema. "Tunaipeleka tawini. Mpya imeshafika."

"Nimeiona, bosi. Iko kwenye boksi."

"Na boksi halifunguliwi mpaka mgeni rasmi akate utepe Ijumaa. Mashine mpya tutaijaza kutoka kwenye nakala yako. Nataka saini yako tu kwamba nakala iko sawa, ili fundi wa kompyuta aje kufuta."

Akasukuma karatasi mezani. Sentensi ilikuwa moja: *Nathibitisha kuwa nakala ya akiba ni kamili na inafunguka.* Chini yake, mstari wa saini.

Bi Tiki alitoa kalamu. Hata sasa hajui ni nini kilichomzuia. Pengine ni kwa sababu karatasi haikuwa na visanduku, na mkono wake ulikuwa umezoea kutia tiki kabla ya kusaini. "Nitakuletea," akasema.

Kwenye korido alikutana na Mpimaji, mzee wa kazi aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, viatu vyake vikiacha udongo kila alipopita kana kwamba anaweka mipaka ndani ya ofisi. Walikuwa wametaniana kwa miaka ishirini.

"Dada, nasikia unazika mashine Alhamisi."

"Naizika, kaka. Roho yake ninayo kwenye kabati la chuma."

"Umejuaje kama ni roho na si kivuli?"

Bi Tiki akaguna. Akamweleza jinsi anavyofanya: anachukua mafaili matatu kutoka kwenye nakala, anayarejesha kwenye kompyuta ya mezani kwake, anayafungua, ramani zinatokea safi. Miaka sita, hakuna iliyogoma.

"Kwenye kompyuta ya mezani kwako," Mpimaji alirudia polepole. "Hiyo iliyoungwa na mashine kubwa?"

"Kompyuta zote zimeungwa na mashine kubwa. Ulitaka niziunge na jiko?"

"Usikasirike. Mimi nauliza kishamba tu." Akaegemea ukuta, akauachia alama ya bega. "Sisi tukipima kiwanja, tunaanzia bikoni moja, lile jiwe la mpaka. Tukimaliza, haturudi kujihakiki kwa bikoni ileile. Kama ilikuwa imesogezwa na ng'ombe, au na jirani, itakukubalia kila utakachosema. Unaenda kwenye bikoni nyingine kabisa, uliyoiweka siku nyingine, unapima kutoka huko. Ndipo unajua kama umepima ardhi au umepima uongo wako."

"Kaka, nenda kaweke bikoni zako."

"Naenda. Ila chunga ng'ombe."

Akaondoka akicheka. Bi Tiki alikaa mezani kwake amenuna, na kununa kwake kulikuwa kwa mtu aliyeguswa mahali asipopajua. Alasiri ilipita bila kufanya kazi yoyote, jambo ambalo kwa ofisi ile halikuonekana.

Nyumbani alimsimulia mumewe, fundi cherehani, aliyekuwa kibarazani akipindisha mguu wa suruali. Alitegemea amtetee.

"Yule mzee ana mdomo," mumewe alisema, sindano ikiwa mdomoni. "Ila mama watoto, wewe suruali yangu ungeipokea kwa kuitazama kwenye hanga tu, bila kuivaa?"

"Usianze na wewe."

"Sijaanza. Nimeuliza suruali."

Asubuhi ya Jumanne alikwenda stoo, akaitoa kompyuta ya zamani ya mapokezi iliyostaafishwa kwa sababu ya rangi yake. Haikuwahi kuungwa kwenye mtandao wa ofisi tangu waya mpya zivutwe. Akaibeba hadi chumba cha nyuma, akaifuta vumbi, akaiwasha. Akachomeka diski ya akiba kutoka kwenye kabati la chuma. Waya wa mtandao aliuacha ukining'inia ukutani. Kisha akaiamuru irejeshe kila kitu. Si mafaili matatu, yote.

Hofu yake kubwa ilikuwa nafasi. Kompyuta ile ilikuwa na nafasi ndogo, gigabaiti mia tano tu, na alikuwa amejiandaa kurejesha nusu, kisha nusu. Baada ya saa tatu na ushee ikamaliza. Yote yameingia, na nafasi imebaki. Bi Tiki akafurahi. Hapo ndipo mtu mwingine angeshtuka, lakini furaha ina tabia ya kutopiga hesabu. Akajiambia kumbe programu inabana vizuri, akaenda kunywa chai.

Aliporudi alihesabu mafaili. Kwenye nakala: elfu arobaini na moja mia mbili kumi na nane. Kwenye mashine kubwa: elfu arobaini na moja mia mbili kumi na nane. Majina yalilingana hadi herufi ya mwisho. Akatamani Mpimaji awepo amwonyeshe.

Akafungua ramani ya mwezi uliopita. Ikatokea. Akafungua ya mwaka jana. Ikatokea, mistari yake myembamba na namba za bikoni pembeni. Akashuka chini kabisa, kwenye mafaili ya zamani, yale ambayo karatasi zake zililiwa, akabonyeza moja.

Kisanduku kidogo kikatokea katikati ya kioo: *Faili linaloelekezwa halipatikani.*

Akabonyeza la pili. La tatu. La kumi. Kila moja lilimjibu neno lilelile kwa adabu ileile, kama karani wa dirishani anayekwambia urudi kesho.

Akatazama ukubwa wa yale mafaili. Ramani nzima ya mtaa, yenye viwanja mia mbili, ilikuwa na ukubwa wa kilobaiti moja. Barua ya kuomba ruhusa ya kwenda msibani ni kubwa kuliko hapo.

Akachukua waya uliokuwa ukining'inia, akauchomeka. Akabonyeza. Ramani ikafunguka, nzima, nzuri. Akauchomoa. Akabonyeza nyingine. *Halipatikani.* Akauchomeka tena. Ikafunguka.

Bi Tiki akakaa chini kwenye boksi la mashine mpya, lile lisiloruhusiwa kuguswa kabla ya mgeni rasmi.

Sasa alikumbuka. Miaka minne nyuma diski ya mashine kubwa ilijaa. Yeye ndiye aliyetafuta dawa. Alifunga diski ya pili ndani ya mashine ileile, akahamishia humo ramani zote za zamani, na ili wapimaji wasihangaike kutafuta, mahali palipokuwa na kila ramani akaacha njia ya mkato: kifaili kidogo chenye jina lilelile, ambacho kazi yake ni kusema tu, mwenye nyumba amehamia kule, gonga kule. Wapimaji hawakutambua kama kuna kilichobadilika. Alipongezwa kikaoni. Mkurugenzi wa wakati ule alimpa kalenda.

Lakini programu ya nakala aliiagiza zamani, enzi diski ilipokuwa moja, na hakuna aliyeiambia kuhusu ya pili. Kila mwezi ilipitia diski ya kwanza, ikafuta nakala ya mwezi uliotangulia, ikabeba ramani mpya na vikaratasi vya "gonga kule", ikahesabu vyote kuwa mafaili, ikasema vema. Na kila mwezi yeye alirejesha matatu kwenye kompyuta iliyoungwa na mashine kubwa, akabonyeza, kikaratasi kikampeleka kulekule kwenye mashine kubwa, ramani ikatokea, naye akatia tiki. Miaka minne hakuwa akiijaribu nakala. Alikuwa akiijaribu mashine ambayo Alhamisi inafutwa.

Akahesabu vikaratasi. Elfu ishirini na tisa, mia sita arobaini.

Ibilisi hakuchelewa kuja, na alikuja akiwa amevaa kiofisi. Alimwambia: hakuna ajuaye. Nakili ile diski ya pili kimyakimya, tia saini, yaishe. Bi Tiki alimsikiliza kwa makini, kwa sababu alikuwa anasema kitu cha maana. Akapiga hesabu. Diski ya pili ilikuwa na mzigo mara sita ya ule uliochukua saa tatu, na yenyewe ilikuwa kuukuu, inasoma kwa kujivuta. Kuinakili tu ni siku mbili. Kuhakikisha zote zinafunguka, siku nyingine mbili. Leo ni Jumanne, jioni inakaribia. Fundi anakuja Alhamisi asubuhi. Kimyakimya kusingetosha. Ilibidi mtu asimamishe kufutwa kwa mashine, na mtu huyo angeulizwa kwa nini.

Akalifikiria jalada la bluu. Kati ya fomu sabini na moja, arobaini na nane zilikuwa uongo wenye muhuri, na kila muhuri alikuwa ameupuliza mwenyewe.

Kisha akafikiria Alhamisi bila yeye kusema kitu. Hakufikiria taifa wala maendeleo, maneno hayo aliwaachia wageni rasmi. Alifikiria dirisha la mapokezi, na mtu amesimama pale, jirani kamsogezea ukuta hatua tatu, anaomba ramani ya kiwanja cha marehemu mume wake. Na karani anabonyeza.

Mficha uchi hazai, akajisemea, akainuka.

Mkurugenzi alikuwa akijaribu kwa sauti hotuba ya kumkaribisha mgeni. Hakufurahi kukatizwa.

"Umeleta saini?"

"Sijaleta, bosi. Nakala haifunguki."

"Haifunguki vipi? Mwezi uliopita ilifunguka. Nimeona tiki."

"Tiki ni yangu. Nilikosea."

Mkurugenzi aliishusha hotuba. "Mama, ukisema haifunguki, ni mafaili mangapi? Mawili, matatu?"

"Bosi, njoo uchague mwenyewe."

Walikwenda chumba cha nyuma. Mkurugenzi alivaa uso wa mtu anayekwenda kuthibitisha kwamba hakuna tatizo. Bi Tiki alihakikisha waya umechomolewa, akampa kiti.

"Taja ramani yoyote ya zamani."

Binadamu akiambiwa taja chochote, hutaja chake. Mkurugenzi alitaja kitalu alichoachiwa na baba yake, ambacho nduguze wawili walikuwa bado hawajakubaliana naye kinaishia wapi. Akabonyeza mwenyewe. Akasoma lile jibu. Akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi, kama watu wanavyobonyeza kitufe cha lifti.

"Na Alhamisi tukifuta?" aliuliza.

"Hiyo ndiyo itakayobaki."

Mashine kubwa ilinguruma nyuma yao kama mzee asiyejua kwamba ndiye anayejadiliwa.

"Nani aliyehamisha zile ramani bila kuiambia programu?"

"Mimi."

"Kuna maandishi?"

"Kuna kalenda niliyopewa."

Mkurugenzi alimtazama. Hakujua kama anataniwa, na Bi Tiki naye hakuwa na hakika. Hatimaye alisema, "Nitampigia fundi asije. Mgeni rasmi atakata utepe kwenye boksi, hatajua kama limejaa au liko tupu. Lakini barua ya onyo utaipata, mama. Nisipoiandika, nitaandikiwa mimi."

"Iandike, bosi. Nitaipiga chapa mwenyewe ukitaka."

Kuanzia Jumatano walianza upya. Bi Tiki alinakili diski ya pili kwenye diski mpya, na safari hii hakuamini idadi. Aliiagiza programu ikokotoe namba ndefu kutokana na yaliyomo ndani ya kila faili, la asili na la nakala, kisha izilinganishe mojamoja. Faili likitofautiana hata chembe, namba zinakataana. Hazikukataana. Nakala ilikuwa sawasawa na asili.

Zamani angesimama hapo. Sasa akaenda kumwita Mpimaji.

"Kaka, njoo uwe bikoni ya pili."

Mpimaji alikuja na udongo wake. Hakusema nilikwambia, na kwa mtu kama yeye huo ulikuwa ukarimu mkubwa. Kompyuta ya stoo, iliyopewa diski kubwa zaidi, ilipokea mafaili yote ikiwa haijaungwa na chochote ila umeme. Kwanza programu ndogo iliyafungua yote, moja baada ya jingine, siku mbili mfululizo, ikiandika yanayogoma. Kisha wakakaa wawili. Bi Tiki hakuruhusiwa kuchagua. Mpimaji alichagua: la katikati, la mwisho, la mtaa ambao hata jina lake limebadilika, na kila ramani iliyotokea aliisoma hadi pembeni, kuona kama bikoni zote zipo na kama picha haijakatwa.

"Hii ni ya kwangu," alisema mara moja, akigusa kioo. "Nilikuwa na nywele."

Programu ilimaliza Jumatatu, na orodha ya yaliyogoma ikatoka na majina kumi na moja. Namba zake zililingana kabisa, asili na nakala, lakini hayakufunguka kokote, hata kwenye mashine kubwa yenyewe. Nakala ilikuwa imenakili kwa uaminifu kitu kilichokwisha kufa. Bi Tiki alitazama tarehe zake. Yote kumi na moja yalihamishwa alasiri moja, miaka minne nyuma, dakika zilezile. Alikumbuka umeme ulikatika siku ile, ukarudi, naye akaendelea pale alipodhani ameishia. Asili zilizokuwa kwenye diski ya kwanza alikuwa ameshazifuta. Karatasi zake mchwa walishakula.

Akachukua kalamu, akayanakili majina yote kumi na moja kwa mkono.

"Kumi na moja kati ya elfu arobaini na moja," Mpimaji alisema. "Bosi atasema ni sawa."

"Kila moja ina mtu wake."

"Najua. Nilikuwa nataka nisikie wewe unasemaje."

Mkurugenzi kweli alisema ni sawa. Alisema hata ramani za nje ya nchi huwa na dosari, ingawa hakuwahi kuulizwa alijuaje. Akaleta karatasi ileile yenye sentensi moja. Bi Tiki aliandika chini yake kwa mkono: *isipokuwa ramani kumi na moja, orodha imeambatanishwa, viwanja vyake vipimwe upya,* ndipo akasaini. Mkurugenzi aliomba iandikwe karatasi safi isiyo na maneno ya kalamu. Bi Tiki alimwambia atafute mtu mwingine wa kusaini hiyo safi. Hakupatikana.

Kazi ya kupima upya alipewa Mpimaji, ambaye msaidizi wake alikuwa likizo. Bi Tiki aliomba ruhusa ya siku, akavaa viatu vya chini na kofia ya mumewe, akaenda kumshikia futi. Katika miaka ishirini na sita ya kazi idarani hakuwahi kusimama ndani ya hata kiwanja kimoja. Aligundua kwamba ardhi haina mistari. Ina vichaka, kuku, na shimo la taka ambalo kwenye ramani yoyote lisingeonekana.

Mwenye kiwanja cha kwanza alikuwa bibi mmoja mwembamba, aliyetoka nje akijifuta mikono kwenye kanga, akawatazama wakivuta futi uani kwake.

"Nyie mlikwisha pima hapa, zamani," alisema. "Mume wangu alikuwa hai. Mbona mmerudi?"

Mpimaji alijishughulisha na bikoni iliyozama nusu kwenye udongo, ghafla akawa hasikii vizuri.

"Ramani yako ilipotea, mama," Bi Tiki alisema. "Mimi ndiye niliyeipoteza."

Yule bibi alimwangalia kuanzia kofia mpaka viatu. Hapo nyuma yake ukuta wa jirani ulikuwa mpya, chokaa bado nyeupe.

"Basi hilo futi livute likaze, mwanangu," alisema. "Hapo ulipolishika limelegea."

Bi Tiki akalivuta.